Soksi na Soli za Kuvaa Ndani ya Gambuti

Mwezi wa Julai kule Limuru, mfugaji anayekamua ng'ombe saa kumi na moja alfajiri husimama juu ya sakafu ya saruji iliyopigwa baridi usiku kucha. Kufikia saa sita mchana anakata nyasi za mifugo juani, na jioni anarudi zizini kukamua tena. Kutwa nzima amevaa gambuti zilezile. Asubuhi vidole vya miguu vimekufa ganzi, mchana nyayo zinaelea kwenye jasho, na jioni akivua soksi anakuta ngozi imefura, imekunjamana na kuwa nyeupe. Wachuma chai wa Kericho na Mufindi wanaijua hali hiyo, na hata wafanyakazi wa machinjioni na wanaoosha magari mjini wanaijua.

Wengi hulaumu gambuti zenyewe, wakanunua nyingine, na tatizo likabaki palepale. Ukweli ni kwamba gambuti haiwezi kufanya zaidi ya kazi yake. Mpira, pamoja na plastiki ya PVC inayotengenezewa gambuti nyingi za bei nafuu, haupitishi maji kuingia, na kwa sababu hiyohiyo haupitishi mvuke kutoka. Nyayo nazo, sawa na viganja, zimejaa tezi za jasho kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya mwili. Jasho hilo likishatoka kwenye ngozi lina njia mbili tu. Kiasi kidogo hutoka kwa juu, kwenye mdomo wa gambuti, kwa kuwa kila hatua husukuma hewa kidogo nje na kuvuta nyingine ndani. Lililobaki, ambalo ndilo jingi, hukaa kwenye soksi na soli ya ndani mpaka mtu avitoe kwa mkono wake.

Kwa hiyo anayechagua soksi ya gambuti anachagua ghala la jasho. Swali la kujiuliza ni hili: jasho litahifadhiwa wapi, mbali na ngozi kiasi gani, na ghala likijaa litabadilishwa saa ngapi?

Hapo ndipo soksi za michezo za poliesta zinapowaangusha watu. Poliesta hainywi maji. Nyuzi zake hunyonya chini ya asilimia 1 ya uzito wake. Sifa yake ni kusafirisha jasho kutoka kwenye ngozi hadi upande wa nje wa soksi ili likauke kwa upepo. Ndani ya raba ya kukimbilia, yenye kitambaa cha matundu, mpango huo hufanya kazi vizuri sana. Ndani ya gambuti hakuna upepo. Jasho linafika upande wa nje, linakutana na ukuta wa mpira, linarudi. Soksi nyembamba ya poliesta ikivaliwa peke yake hulowa mapema, hata kama muuzaji ameisifu kwamba inapumua.

Pamba ina kasoro ya aina nyingine. Inakunywa jasho vizuri, lakini inalibakiza hapohapo kwenye ngozi, kisha inalainika na kulala bapa. Soksi iliyolala bapa haina tena hewa ndani yake, na hewa hiyo ndiyo iliyokuwa ikitunza joto. Maji hupitisha joto mara zipatazo 24 kuliko hewa iliyotulia, na ndiyo maana mguu uliolowa jasho saa tano huanza kutetemeka jua likizama. Soksi iliyolowa pia hukwaruza, na lengelenge la kisigino huanzia hapo.

Sufu ndiyo inayofaa zaidi gambuti. Uzi wa sufu unaweza kubeba mvuke unaokaribia theluthi moja ya uzito wake kabla ya kuhisiwa kuwa umelowa, kwa sababu maji huingia ndani ya uzi wenyewe. Mawimbi ya asili ya nyuzi zake huifanya isilale bapa hata ikiwa na unyevu, kwa hiyo hewa hubaki na joto hubaki nayo. Wanaosema sufu inawasha wana haki: sufu nene ya kufumia masweta huwasha kweli, lakini ile laini ya kondoo wa merino haiwashi watu wengi. Sufu tupu huchakaa haraka kisiginoni. Soksi bora kwa kazi ni yenye sufu nusu au zaidi, iliyochanganywa na nailoni ili idumu, na iliyofumwa kwa vinyuzi vya taulo kwenye unyayo na kisigino.

Soksi za namna hiyo hazijai madukani Afrika Mashariki, ila hupatikana kwenye mitumba inayotoka nchi za baridi, mara nyingi zikiwa hazina lebo. Gikomba au Karume, muuzaji atasema yote ni sufu. Njia ya kuhakikisha ni kununua jozi moja kwanza, kuchomoa uzi mdogo nyumbani na kuuchoma juu ya sahani ya bati. Sufu huungua kwa shida, hunuka nywele zilizoungua na huacha makaa yanayovunjika ukiyasaga kwa vidole. Pamba huwaka haraka, hunuka karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta na nailoni huyeyuka na kuganda kuwa shanga ngumu. Soksi ya mchanganyiko hutoa dalili mbili kwa pamoja: harufu ya nywele, na punje ngumu.

Urefu nao si wa kupuuzwa. Gambuti haina kamba ya kuubana mguu, kwa hiyo kisigino hupanda na kushuka kila hatua na kuivuta soksi chini. Soksi fupi huishia kujikusanya chini ya wayo, na mdomo wa gambuti huanza kukwaruza ndama ya mguu. Soksi ipite mdomo wa gambuti kwa upana wa vidole viwili au vitatu na ikunjwe juu yake. Lastiki iwe ya kushika tu. Ikiacha mfereji kwenye ngozi, inabana damu.

Kuvaa soksi mbili kunasaidia pale tu gambuti ina nafasi: nyembamba ya poliesta ndani, ya sufu nje. Hapo poliesta inapata mahali pa kupeleka jasho, na soksi hizo mbili zinasuguana zenyewe badala ya kuisugua ngozi. Gambuti ikiwa inabana, soksi ya pili huongeza baridi. Hewa inaminywa, damu haifiki vizuri kwenye vidole, na mtu anashangaa kwa nini soksi nene zaidi imemletea ganzi zaidi.

Lakini hata soksi nzuri kuliko zote haiwezi kuukinga wayo dhidi ya sakafu baridi. Uzito wa mwili huiminya soksi chini ya kisigino na chini ya vidole, na ikiminywa inapoteza hewa yake. Joto la chini linatunzwa na soli ya ndani. Kitambaa chembamba kinachokuja na gambuti mpya mara nyingi hakitoshi kazi hiyo.

Kuna aina mbili za soli zinazostahili fedha. Ya kwanza ni ya sponji nyepesi ngumu yenye vijitundu vilivyofungwa, jamii ya ile ya sandali za kuogea. Hainywi maji, hailali bapa upesi, na huzuia baridi ya saruji vizuri. Kasoro yake ni kwamba jasho hubaki juu yake likiteleza. Ya pili ni ya sufu iliyoshindiliwa hadi ikawa ngumu. Hiyo hunywa jasho na kuukalisha wayo mahali pakavu, ila lazima itolewe na kukaushwa kila usiku. Anayesimama zizini au kwenye chumba cha baridi afanye sponji iwe chini na sufu juu. Anayetembea shambani siku nzima kwenye joto anaweza kutumia ya sufu peke yake. Sponji laini inayominyika hadi kwisha kwa kidole gumba tu haifai: hunyonya jasho, halafu kila hatua hulikamua na kulirudisha kwenye soksi.

Turudi kwa yule mfugaji wa Limuru. Anavaa namba 8 katika viatu vya kawaida. Soli mbili za milimita 3 kila moja na soksi nene ya sufu vitakula nafasi, kwa hiyo namba 8 huenda ikambana na inambidi ajaribu namba 9. Anakwenda dukani alasiri, miguu ikiwa imeshavimba kidogo kama inavyokuwa mwisho wa kazi, akiwa na soksi na soli zake mkononi. Anavivaa vyote, anasogeza mguu mbele mpaka vidole viguse gambuti, kisha anajaribu kuingiza kidole cha shahada nyuma ya kisigino. Kisipoingia, gambuti ni ndogo. Vikiingia viwili kwa urahisi, ni kubwa na kisigino kitachubuka.

Anaanza siku na jozi moja. Saa sita mchana, wakati wa kula, anavua gambuti, anafuta miguu, anageuza soli au kuzibadilisha, na kuvaa soksi kavu. Dakika hizo chache ndizo zinazoamua jioni yake. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia maelfu ya askari waliharibika miguu kwenye mahandaki kwa kukaa na unyevu na baridi siku nyingi, hata pasipo barafu, na mojawapo ya dawa kuu za jeshi la Uingereza ilikuwa amri ya kukaguana miguu na kubadilisha soksi.

Usiku, soli zinatoka nje ya gambuti na magazeti makavu yanaingia, yabadilishwe baada ya saa moja au mbili. Gambuti isiwekwe kando ya jiko, maana joto kali hupasua mpira na kuikunja PVC. Sufu ifuliwe kwa maji ya vuguvugu na isisuguliwe kwa nguvu, la sivyo itasinyaa.

Akikuta soksi imelowa hata kwa nje, asikimbilie kudhani gambuti imetoboka. Mvuke wa jasho ukigusa ukuta wa mpira uliopoa hugeuka matone. Ajaze gambuti karatasi kavu na kuisimamisha kwenye beseni la maji yasiyofika mdomoni kwa nusu saa. Karatasi ikibaki kavu, yale yalikuwa jasho.

Soksi wala soli haviponyi ngozi iliyokwisha kuugua. Vishimo vidogo kwenye wayo vyenye harufu kali, au kuwashwa na kuchanika katikati ya vidole, ni dalili za bakteria au fangasi, na vinataka dawa ya zahanati. Mwenye kisukari akague nyayo zake kila jioni, kwa sababu anaweza kuchubuka bila kuhisi.

Mwenye fedha kidogo aanze na jozi mbili za soksi zenye sufu, kisha soli mbili za kubadilishana. Gambuti za bei kubwa zinaweza kusubiri, maana hata zikiwa ghali namna gani, nazo ni za mpira.