Kitufe, Taa na Mzunguko Usiokoma

Mtu amebonyeza kitufe kwenye kivuko cha waenda kwa miguu na anasubiri taa ya kijani. Dakika ya kwanza imepita, ya pili nayo imepita. Je, taa ni mbovu? Kwa kutazama tu huwezi kusema, kwa sababu huenda ikawaka sekunde ijayo. Ahadi ya kidhibiti cha taa ni kwamba kila ombi hatimaye hujibiwa, na hakuna dakika unayoweza kuitaja ukasema ndiyo iliyoivunja. Ahadi ya namna hiyo huvunjwa na muda wote usio na mwisho kupita bila taa kuwaka.

Ugumu huu unaikabili mifumo itikivu yote, yaani ile ambayo kazi yake si kukokotoa jibu kisha kuzima, bali kuitikia yanayotokea nje bila kukoma: lifti, swichi za simu, taa za barabarani. Tabia ya mfumo kama huo ni mfuatano wa matukio usio na mwisho. Wataalamu huuita neno, na kila hatua ni herufi yake moja. Otomata ya kawaida husoma neno mpaka herufi ya mwisho, kisha hutazamwa imeishia kwenye hali gani. Sasa neno lisipokuwa na mwisho, tutatazama wapi?

Jibu lilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa mwanamantiki wa Uswisi, Julius Richard Büchi. Yeye hakuwa na habari za taa. Alikuwa anatafuta utaratibu wa kuamua ukweli wa sentensi za aina fulani za mantiki kuhusu namba asilia. Wazo lake ni kutazama kinachojirudia. Otomata ina hali zenye idadi maalumu, kwa hiyo ikitembea milele lazima baadhi yazo izipitie mara zisizo na idadi. Teua hali fulani ziwe za kukubali. Neno hukubaliwa ikiwa upo mwendo unaopita kwenye hali ya kukubali mara zisizo na idadi.

Kwa ahadi ya taa tunahitaji hali mbili tu. Ya kwanza tuiite HURU, ya pili DENI. Ombi likija bila ruhusa, yaani kijani kikiwa hakijawaka, otomata hutoka HURU kwenda DENI. Taa ya kijani ikiwaka, hurudi HURU. Hali ya kukubali ni HURU. Ikipitiwa mara zisizo na idadi, hakuna deni lililodumu milele, na ahadi imetimizwa. Haidhuru deni moja lilikaa sekunde tatu na jingine miaka kumi. Sharti la Büchi halina saa. Tutarudi kwenye hilo.

Mkaguzi lakini hatafuti wema, anatafuta kosa. Anachotaka ni otomata inayokubali maneno mabaya tu: mahali fulani ombi lilikuja, na tangu hapo kijani hakikuwaka tena. Unaweza kudhani inatosha kugeuza ile ya kwanza, DENI ndiyo iwe ya kukubali badala ya HURU. Haitoshi. Maombi yakija na kujibiwa kila siku, DENI nayo itapitiwa mara zisizo na idadi, na mfumo wenye afya njema utahukumiwa kuwa mgonjwa.

Na hapa kuna jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo zuri kuliko yote katika nadharia hii. Hata ukiongeza hali elfu, hakuna otomata ya Büchi yenye njia moja tu kwa kila herufi itakayoyatambua maneno hayo mabaya. Tuseme ipo. Ipe ombi, kisha kimya bila kijani. Neno hilo ni baya, kwa hiyo baada ya muda lazima mashine ifike kwenye hali ya kukubali. Ikishafika tu, iwashie kijani mara moja, ipe ombi jingine, kisha kimya tena. Ukiendelea kunyamaza neno bado litakuwa baya, kwa hiyo itafika tena kwenye hali ya kukubali. Iwashie kijani tena. Rudia hivyo bila kukoma. Umetengeneza neno ambalo kila ombi lilijibiwa, na mashine imepita kwenye hali ya kukubali mara zisizo na idadi. Imelikubali neno jema, na kwa kuwa haina njia nyingine ya kulisoma, haina pa kujitetea.

Kuna milango miwili ya kutokea. Mmoja ni kubadili sharti. Michael Rabin, katika kazi yake ya 1969, alitumia jozi za makundi ya hali: kundi moja lipitiwe mara zenye mwisho, jingine lipitiwe mara zisizo na idadi. Chukua mchoro wetu uleule wa HURU na DENI bila kugusa mshale hata mmoja, useme HURU ipitiwe mara zenye mwisho na DENI bila mwisho. Tayari, maneno mabaya yametambuliwa. Mshale hauna maana peke yake mpaka sharti la kukubali lisemwe.

Mlango wa pili, ambao vyombo vingi vya ukaguzi huupita, ni kuiachia otomata ya Büchi uhuru wa kubahatisha. Inakaa hali ya kwanza ikiyaacha maombi yapite, mpaka inapochagua moja na kusema: hili halitajibiwa. Inahamia hali ya pili, ambayo ndiyo ya kukubali, na kukaa humo maadamu kijani hakijawaka. Kikiwaka, ubashiri umekufa. Neno ni baya ikiwa upo ubashiri mmoja uliobaki hai milele. Katika Spin, chombo alichokianzisha Gerard Holzmann huko Bell Labs, otomata hiyo huandikwa hivi:

```
never {
S0:   do
      :: (ombi && !ruhusa) -> goto accept_S1
      :: true -> goto S0
      od;
accept_S1:
      do
      :: (!ruhusa) -> goto accept_S1
      od
}
```

Si lazima uiandike kwa mkono. Amir Pnueli alipendekeza mwaka 1977 kwamba ahadi za mifumo ziandikwe kwa mantiki ya wakati, na ya kwetu huwa `[] (ombi -> <> ruhusa)`, ambapo `[]` ni daima na `<>` ni hatimaye. Moshe Vardi na Pierre Wolper walionyesha mwaka 1986 jinsi ukaguzi wote unavyogeuka kuwa kazi ya otomata: kanusha fomula, igeuze kuwa otomata, iendeshe sambamba na mfumo, kisha uulize kama kuna mwendo unaokubaliwa na vyote viwili. Swali la umilele linapungua hapo na kuwa la mchoro wenye ukubwa unaojulikana: je, ipo hali ya kukubali inayofikika tangu mwanzo, na ambayo unaweza kuiondokea ukairudia? Ikiwepo, kosa limepatikana, nalo lina umbo la kamba yenye kitanzi: njia yenye mwisho ya kuingia, kisha mzunguko unaorudiwa milele.

Sasa tukague kidhibiti chenyewe. Kila hatua ni sekunde moja, na kihisi barabarani kinasema `gari` au `pengo`. Kidhibiti kikishapokea ombi huhesabu mapengo yanayofuatana. Yakifika matatu, husimamisha magari na kuwawashia kijani waenda kwa miguu. Gari likitokea kabla ya hapo, hesabu inarudi sifuri.

Spin itatoa ripoti ya `acceptance cycle` papo hapo. Njia ya kuingia: mtu anabonyeza kitufe. Kitanzi: gari, gari, gari, milele. Mhandisi wa barabara atacheka, maana hakuna barabara yenye magari yasiyokatika kamwe. Ana haki, na kicheko chake kina fomula yake: `[]<> pengo`, yaani mapengo hutokea mara zisizo na idadi. Tunadai ahadi chini ya dhana hiyo tu: `([]<> pengo) -> [] (ombi -> <> ruhusa)`. Kwa upande wa otomata, kitanzi kibaya sasa lazima kitimize mawili: kisione kijani, na kione pengo.

Tunaendesha tena, na kitanzi kipya kinatokea: pengo, pengo, gari. Hesabu inakwenda moja, mbili, sifuri, moja, mbili, sifuri. Mapengo hayana idadi na kijani hakiwaki. Safari hii mhandisi hacheki, kwa sababu barabara ya jioni hufanya karibu hivyohivyo. Angeweza kuongeza dhana kwamba mapengo matatu mfululizo hutokea bila kukoma, na chombo kingenyamaza, ila angekuwa ameiomba barabara iifanye kazi ya kidhibiti. Dawa ya kweli ni kikomo: sekunde 60 zikipita tangu ombi, magari yasimamishwe hata kama yanakuja. Baada ya hapo ahadi inathibitika bila dhana yoyote.

Ukaguzi unapomalizika bila kosa ndipo pa kwenda polepole. Ukisahau `-a` unapoendesha `./pan`, vitanzi havitafutwi kabisa, na sifuri ya makosa unayoiona ni ya swali jingine. Au kitufe hakikuunganishwa vizuri kwenye modeli, `ombi` halitokei kamwe, na ahadi inatimia bure. Ripoti ya Spin huorodhesha sehemu za otomata ambazo hazikufikiwa. Ukiona mstari wa `accept_S1` humo, hakuna ubashiri hata mmoja uliowahi kuanza. Njia nyingine ni kukagua `[] !ombi` kwa makusudi, ukitarajia ishindwe. Ikifaulu, modeli yako haina watu.

Kikomo kinatupa nafasi ya kurudi kwenye saa. Ahadi ya kijani ndani ya sekunde 60 ni ya aina nyingine, kwa sababu ikivunjwa, inavunjwa kwenye sekunde ya 61 na kila mtu anaona. Haihitaji Büchi, otomata ya kawaida yenye hesabu inatosha, ingawa itakuwa na hali zaidi ya 60 badala ya mbili.

Lakini itazame tena fomula yetu. Deni huanza pale tu ombi linapokuja bila ruhusa. Anayebonyeza kijani kikiwa kimewaka huhesabiwa amejibiwa, hata kama imebaki sekunde moja naye bado yuko ukingoni. Tuite `mwanzo` sekunde ambayo kijani kinaanza kuwaka, kisha tudai `[] (ombi -> <> mwanzo)`. Kidhibiti chetu hufuta maombi yote kijani kinapozimika, na Spin inaleta kamba ya tatu: mtu anabonyeza katika sekunde ya mwisho ya kijani, ombi linafutwa, hakuna mwingine anayebonyeza, na magari yanapita milele. Kikomo cha sekunde 60 hakimsaidii, kwa kuwa saa ya ombi lake haikuwahi kuanza. Marekebisho ni mstari mmoja wa programu: ombi lifutwe kijani kinapoanza, si kinapozimika.