Pale mgusio unapokutana tena na mkunjo

Mwanafunzi wa Bukavu anayejiandaa kwa Mtihani wa Serikali, ambao maswali yake ya hisabati humtaka achague jibu moja kati ya kadhaa, anaweza kupewa mkunjo wa kipeo cha tatu, yaani ule ambao kipeo kikubwa cha x katika mlinganyo wake ni tatu, na kutakiwa aonyeshe mahali ambapo mgusio wake, yaani mstari unaougusa mkunjo huo na kuufuata mwelekeo wake, unakutana nao kwa mara ya pili. Uchukuliwe mkunjo y = x³ − 2x² − 3x + 4, unaoguswa palipo x = 2. Hapo y ni −2, na mteremko, unaopatikana kwa 3x² − 4x − 3, ni 1, kwa hiyo mgusio ni y = x − 4.

Mkunjo na mstari vikilinganishwa, hupatikana x³ − 2x² − 4x + 8 = 0. Wengi huanza kubahatisha majibu ya mlinganyo huu, ilhali mawili kati ya matatu yanajulikana tayari: mahali pa mguso huhesabiwa mara mbili, kwa kuwa hapo tofauti kati ya mkunjo na mstari ni sifuri, na mteremko wa tofauti hiyo nao ni sifuri. Mlinganyo huo basi ni (x − 2)²(x + 2) = 0, na nukta ya pili ni (−2, −6).

Ipo njia fupi zaidi, inayotegemea kanuni iliyofungamanishwa na jina la Mfaransa François Viète (1540–1603): x³ ikiwa haijazidishwa na namba yoyote, jumla ya majibu matatu ni namba inayozidisha x², ishara yake ikigeuzwa. Mstari hauna x², hivyo hauwezi kuibadili namba hiyo; jumla ni 2, na jibu la tatu likiitwa c, 2 + 2 + c = 2 hutoa c = −2 bila hata kuutafuta mteremko.

Wepesi huo una hatari yake, kwa sababu mteremko uliokosewa hauibadili c. Aliyepata mteremko 2 badala ya 1 ataandika y = 2x − 6, na mstari wake utampa −10 palipo x = −2, huku mkunjo ukimpa −6; kutolingana huko ndiko kunakofichua kosa, kwa hiyo y ihesabiwe kwa mkunjo na kwa mstari pia.

Mgusio wa mkunjo huu hukosa nukta ya pili mahali pamoja tu, palipo x = 2/3, ambapo mkunjo hugeuza upande wa kupinda kwake na majibu yote matatu huangukia pamoja.