Usingizi Ukipotea, Hesabu Vidonge

Si lazima skizofrenia irudi kwa kishindo. Mara nyingi huanza na usingizi.

Tuchukue mfano wa fundi cherehani anayetumia haloperido na kuendelea vizuri na kazi yake. Anaacha vidonge kwa sababu mikono inatetemeka na mwili unakakamaa. Wiki ya kwanza yuko sawa, hata mchangamfu zaidi, na nyumbani wanaamini amepona. Hapo ndipo familia nyingi hupotea, kwa kuwa ugonjwa unaweza kukaa wiki kadhaa au miezi kabla ya kujitokeza tena.

Kisha anakesha. Anakula peke yake, haogi, anahisi majirani wanamteta. Sauti bado hazijaanza, na huu ndio wakati wa kumrudisha kliniki.

Kubishana naye kuhusu majirani hakusaidii. Aulizwe kwa upole dawa inamsumbua vipi. Daktari anaweza kupunguza dozi, kubadilisha dawa au kuongeza ya kutuliza mkakamao. Anayesahau vidonge anaweza kupewa flufenazini, sindano ya kila wiki mbili hadi nne. Akizungumzia kujiua au kudhuru mtu, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.