Ananunua 400, Anaonyesha 20

Meneja wa mfuko wa pensheni anataka kununua mikataba 400 ya faharisi ya S&P 500 kwenye soko la CME la Chicago, ile inayosomeka ES kwenye skrini. Kila pointi ya mkataba mmoja ina thamani ya dola 50, kwa hiyo bei ikiwa 5,000.00, mikataba hiyo inabeba dola milioni 100. Akiweka oda yote wazi, kila mtu ataiona kwenye daftari la oda, na wajanja hawatakawia. Watanunua kwa 5,000.25, hatua moja tu juu yake, wakijua kwamba bei ikipanda wanapata faida, na ikishuka yupo mtu wa kuwapokea kwa hasara ya hatua moja. Bila kutaka, meneja amewapa bima ya bure.

Ndiyo maana soko lenyewe, kwa kanuni zilizo wazi kwa wote, linamruhusu kutuma oda ya siwa barafu. Siwa barafu huelea baharini likionyesha ncha tu, na sehemu kubwa imezama. Meneja anataja jumla, 400, na kiasi cha kuonyesha, tuseme 20. Ile 20 ikiisha, mashine ya soko inatoa 20 nyingine kutoka kwenye akiba.

Watu wengi wanaposikia hivyo hudhani kujificha hakuna gharama. Gharama ipo, na inalipwa kwenye foleni. Kwenye ES, wenye bei moja huhudumiwa kwa kufuata aliyetangulia. Kila ncha mpya inapotoka, inakwenda kusimama mwisho wa mstari.

Tufuate mfano. Katika bei ya 5,000.00 wapo wanunuzi wa mikataba 35, kisha ncha ya meneja wetu ya 20, kisha wengine wa 45. Skrini inaonyesha 100. Anakuja muuzaji wa 60: wale 35 wanamaliza, meneja anapata 20, na 5 zinakwenda kwa walio nyuma. Ncha mpya ya 20 inatoka, lakini sasa iko nyuma ya 40 zilizosalia. Anakuja muuzaji mwingine wa 60. 40 zinachukuliwa na waliotangulia, na meneja anapata 20 za pili. Mikataba 120 imeuzwa, yeye ameambulia 40. Angesimama palepale na oda yake yote ikiwa wazi, angekuwa na 85. Tofauti ya 45 ndiyo bei ya usiri, na ndiyo sababu kuchagua ukubwa wa ncha ni kazi ngumu: ncha ndogo inakurudisha nyuma mara nyingi, ncha kubwa inakutangaza.

Sasa foleni imebaki yake peke yake, na skrini inasema 20. Muuzaji wa tatu anatupa 100 kwa mpigo. Zote zinanunuliwa kwa 5,000.00, na skrini bado inasema 20. Hapo siri imevuja, maana haiwezekani kuuza 100 kwa mtu mwenye 20. Anayesoma taarifa za oda mojamoja anaona zaidi: namba ya utambulisho wa oda ni ileile kila ncha inapojazwa upya.

Zipo pia oda za siwa barafu za kuigiza, ambazo soko halizijui. Programu ya dalali ndiyo inayosubiri 20 ziishe kisha inatuma oda mpya ya 20. Njia hiyo hubadilisha namba, kwa hiyo mfuatiliaji analazimika kutafuta oda zenye ukubwa mmoja zinazozuka sehemu ndogo ya sekunde baada ya nyingine kuisha. Lakini ina udhaifu wake: yule muuzaji wa 100 angemaliza 20 na mauzo yake yangeendelea kuteremka hadi 4,999.75, kwa kuwa programu haijapata nafasi ya kujibu.

Ili wasinaswe kirahisi, baadhi ya wanunuzi hubadilisha ukubwa wa ncha, mara 17, mara 24. Soko la Xetra la Frankfurt linatoa hata uwezo wa kuuchagua ukubwa huo kwa bahati nasibu ndani ya mipaka ambayo mwenye oda ameiweka.

Mfuatiliaji naye hujidanganya. Kwenye bei ya namba kamili kama 5,000.00 watu wengi tofauti huweka oda ndogondogo, na kurudi kwa 20 mara tatu huenda ni watu watatu. Hata akiwa na hakika, hajui kilichobaki. Katika mfano wetu zimebaki 260, lakini aliyeziona ncha saba zikipita anajua tu kwamba 140 zimekwisha nunuliwa. Akinunua kwa 5,000.25 akiegemea akiba hiyo, meneja anaweza kuifuta oda yote wakati wowote, na chini ya ile bei hakuna tena wa kumpokea.