Sabini ya Kiswahili, hamsini na saba ya Hesabu

Mwanafunzi amepata 70 katika Kiswahili na 57 katika Hesabu. Mzazi atampongeza kwa Kiswahili, kumbe alipong'ara ni kwenye Hesabu.

Alama hizo ni ghafi, na kila mtihani una ugumu wake. Tuseme wastani wa darasa katika Hesabu ni 42, na mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama zilivyotawanyika, ni 10. Toa 42 kwenye 57, ubaki na 15. Gawa kwa 10, upate 1.5. Zidisha kwa 10, kisha ongeza 50: alama T yake ni 65. Katika Kiswahili wastani ni 74 na mkengeuko ni 8. Yuko 4 chini ya wastani, nusu ya mkengeuko, hivyo T yake ni 45.

Hiyo 45 si asilimia, wala haimaanishi amefeli. Inasema tu yuko chini kidogo ya wastani wa wenzake. Ndiyo maana ripoti itaje kundi lililotumika: akihamia darasa lenye vipanga wa Hesabu, 57 ileile inaweza kushuka chini ya T 50.