Bunia: Kukatisha mkataba wa ulinzi kunataka barua yenye muhuri wa upokezi

Mikataba ya sentinele wa nyumba na maduka mara nyingi ina kifungu kidogo karibu na mwisho: mteja asipoandika barua kwa wakati, mkataba unajirefusha wenyewe. Hapo ndipo wengi wananaswa, hata wale waliokwisha kusema kwa mdomo kwamba wanaacha.

Tuchukue mfano wa mwenye duka mjini Bunia. Amesaini miaka 2 kuanzia tarehe 1 mwezi wa tatu 2024, kwa dola 80 kila mwezi. Mkataba unaisha tarehe 28 mwezi wa pili 2026 na unaomba preavi ya siku 90. Akihesabu kurudi nyuma, anaangukia tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 2025. Siku hiyo ni Jumapili, biro zimefungwa. Kwa hiyo barua inapashwa kufika Ijumaa tarehe 28, ao vizuri zaidi juma mbili mbele. Akichelewa, kampuni inaweza kumudai miezi mingine 24, ni kusema dola 1.920.

Barua yenyewe ni fupi: namba ya mkataba, kifungu kinachomruhusu kuacha, na siku ya mwisho ya kazi. Anaipeleka kwenye adresi iliyoandikwa ndani ya mkataba, si kwa mkubwa wa sentinele anayepita dukani. Anabeba kopi mbili. Moja inabaki, kwa ingine sekretere anaandika jina lake, tarehe na saa, anasaini na kupiga muhuri. Hiyo ndiyo akize de resepsyo.

Kampuni isiyotaka kupoteza mteja hujibu kwamba mkubwa hayuko, ao kwamba barua iachwe tu mezani. Barua iliyoachwa bila saini ni sawa na barua isiyofika, kwani kesho wanaweza kukana. Basi mteja anaenda kwa uisie wa tribinali, ambaye anaipeleka mwenyewe na kuandika hati ya kuonyesha siku gani na nani aliipokea, ao kwamba walikataa. Gharama yake inaulizwa mbele, na risiti inachungwa. Ujumbe wa WhatsApp unasaidia kama ushuhuda wa kuongeza, lakini hautoshi ikiwa mkataba unadai barua.

Barua haifungui mlango wa kuacha kulipa kesho yake. Kifungu cha 33 cha kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia ya Kongo kinasema mapatano yaliyofanywa kisheria ni sheria kwa walioyafanya. Kwa hiyo dola 80 zinaendelea kulipwa hadi tarehe 28 mwezi wa pili. Siku hiyo, vifaa vya kampuni vinarudishwa kwa desharji iliyosainiwa, na karatasi hiyo inawekwa pamoja na akize. Faktire ya mwezi wa tatu ikifika, mteja anajibu kwa kopi ya hizo karatasi mbili, yeye akibaki na za asili.