Lamu kwa Mwendo wa Kivuli

Siku njema Lamu huanza saa moja asubuhi, jua likiwa bado nyuma ya mapaa. Mahamri yanatoka karaini yakiwa moto, mbaazi zimekolea tui, chai ni ya maziwa. Kula taratibu, kisha ufuate kivuli. Katika vichochoro vya mji huu mzigo hubebwa na punda, na jua likishakaza hata punda hutafuta ukuta wa kuegemea.

Asubuhi ingia ngomeni. Ngome ilikamilika yapata mwaka 1821 na ikawa gereza hadi 1984. Leo ni makumbusho, na kutoka juu yake utauona mji ulivyobanana.

Mchana wote uwe wa nyumba ya mawe. Makumbusho ya Nyumba ya Kiswahili yapo kwa ajili hiyo. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa kuwa dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo huishia karibu mita tatu. Upana wa chumba ndio urefu wa boriti. Fundi aliyetaka nafasi zaidi alipanga misana mmoja nyuma ya mwingine, kuanzia kiwanda kilicho wazi juu hadi ndani kabisa, na mwanga ukipungua kila unapopiga hatua. Huko mwisho kuna zidaka za plasta iliyochongwa, zilikopangwa vyombo vya kaure, na ukuta huonekana kana kwamba unaendelea mbali zaidi.

Gusa ukuta saa nane mchana: ni baridi. Matumbawe na chokaa huchelewa kupitisha joto, na huacha unyevu utoke. Ukiona plasta imevimba na kubanduka, mara nyingi aliyekarabati alipaka saruji, ikauzuia unyevu ndani. Inaniuma kila ninapoiona, maana chokaa ingali ikipatikana.

Alasiri waulize mabaharia habari za maji kabla ya kutembea hadi Shela, kwa sababu bahari ikijaa hufunika sehemu za njia ya ufukweni. Nyuma ya Shela kuna vilima vya mchanga. Mvua huzama humo ikakaa juu ya maji ya chumvi, ambayo ni mazito zaidi, na mji hunywa kutoka akiba hiyo. Wakivuta kupita kiasi, chumvi hupanda visimani. Ndiyo maana sipendi kuona nyumba zikisogelea vilima.

Rudi kwa mashua. Baada ya isha, kunywa kahawa tungu, kisha tembea Usita wa Mui kutoka Mkomani hadi Langoni ukiwa na tochi. Punda akija, banana na ukuta. Watu watakuwa wameketi madakani. Watolee salamu, na wakikukaribisha keti. Daka lilijengwa mbele ya mlango ili mgeni apokewe vizuri bila waliomo ndani kusumbuliwa.